Tumaini na Dharura Katika Maneno Manne

*Shikamoo Mama. Tuna kikundi kidogo Muheza, tunaotesha miche ya asili na kuipanda pembezoni mwa msitu wa Amani. Jina la kikundi lina neno "msitu" tayari, tunachokosa ni kaulimbiu. Kamati imegawanyika: vijana wanataka "Misitu Inakufa, Okoa Dunia Leo", wazee wanataka "Mti Mmoja, Tumaini Jipya". Mimi katibu naona ya kwanza inatisha na ya pili inalala. Tufanyeje ili tumaini liwepo na watu wajue pia kwamba muda unakwisha?*

Marahaba mwanangu. Kamati yenu haijagawanyika sana kama unavyodhani. Pande zote mbili zimeandika kitu kimoja kwa rangi tofauti: sentensi ambayo ingeweza kubandikwa mlango wa kikundi chochote, mahali popote. Toa neno "misitu" kwenye ile ya vijana, weka "bahari", itasimama vilevile. Toa "mti" kwenye ile ya wazee, weka "mtoto", nayo itasimama. Muheza haimo, Amani haimo, na ninyi wenyewe hammo.

Nianze na ya vijana, maana hofu ndiyo inayowapendeza wengi wanaoanza. Mtafiti wa mawasiliano Kim Witte aliandika mwaka 1992 jambo ambalo sisi wa kazi hii ya kutunga kaulimbiu hulitumia mpaka leo. Mtu akisikia tishio hujiuliza maswali mawili kwa kasi: hili linanihusu? na je, ninaweza kulifanyia kitu? Akijibu ndiyo mara mbili, anachukua hatua. Akijibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, anaacha kupambana na hatari na kuanza kupambana na hofu yake mwenyewe: anacheka, anabisha, anasema hayo ni mambo ya wazungu, au anageuza uso. "Misitu Inakufa" inampa tishio zima. "Okoa Dunia" inamwomba kitu ambacho hakuna binadamu amewahi kukifanya peke yake. Jibu la swali la pili ni hapana kabla hajamaliza kusoma.

Najua pia kuna mjumbe mmoja, kila kamati inaye, atakayetaka mtie takwimu. Takwimu ipo, na ni nzito: hesabu ambazo serikali ya Tanzania iliziwasilisha Umoja wa Mataifa zinataja wastani wa hekta takribani 469,000 za misitu zilizopotea kila mwaka kati ya 2002 na 2013. Sasa weka kazi yenu kando yake. Mkipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inachukua miche kama 1,100. Tuseme mna miche 3,000 kitaluni. Hiyo ni chini ya hekta tatu. Mkiweka laki nne na ushee juu ya bango na hekta tatu chini yake, mmemwonyesha msomaji kwa hesabu zenu wenyewe kwamba hamna faida. Namba ile ipelekeni kwenye barua ya kuomba fedha, ambako mna nafasi ya kueleza. Kwenye kaulimbiu, ukubwa wa tatizo usizidi ukubwa wa jembe.

Ya wazee ina kasoro ya upande wa pili. "Mti Mmoja, Tumaini Jipya" haina tishio hata kidogo, kwa hiyo swali la kwanza halijibiwi: kuna nini kinachonihusu? Wala haina kitenzi. Msikilizaji hajui kama anatakiwa apande, achange, au apige makofi.

Hapo wazee wanaweza kukujibu kwamba kaulimbiu kubwa za nchi hii hazikuwa na kitenzi cha kutenda. Kweli. Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975, kisha Misitu ni Mali: zote "kitu fulani ni kitu fulani", na wengi wa umri wangu bado wanazo kichwani. Lakini kumbukeni zilivyokuja. Nyuma yake kulikuwa na redio ya taifa, vitabu vya kusomea na vikundi vya wanakijiji waliokaa pamoja kusikiliza na kujadili, halafu wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Kaulimbiu ilikuwa kichwa cha habari tu, na kitenzi kilikuja kwenye kikao. Ninyi hamna redio ya taifa. Mna fulana, ukuta wa ofisi ya kijiji na sekunde mbili za mtu aliye juu ya bodaboda. Kitenzi lazima kiwemo ndani.

Na ile nyingine inayojulikana kote, "Kata mti, panda mti"? Ina vitenzi viwili, ina mwendo mzuri, na bado nawasihi msiikaribie. Inaanza kwa kukuruhusu kukata. Pia inafanya hesabu ya uongo, kwamba mche wa leo ni sawa na mti uliochukua miaka mia moja kusimama. Kwa shamba la misaji la Longuza, hapo hapo wilayani kwenu, hesabu hiyo inakubalika, maana misaji hupandwa ili ikatwe. Kwa msitu wa asili wa Usambara Mashariki haikubaliki hata siku moja.

Sasa tujenge yenu. Kabla ya kugusa maneno napenda kutazama namna lugha yenyewe ilivyokwisha kulitatua jambo hili, maana waliotutangulia walishaombwa kutia moyo na kuonya kwa pumzi moja. "Chovya chovya humaliza buyu la asali" inaonya peke yake. "Haba na haba hujaza kibaba" inatia moyo peke yake. Kamati yenu inagombania hizo mbili. Lakini ipo ya tatu: "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Itazame vizuri. Haisemi nyumba imeanguka. Inasema kuna ufa, na ufa ni kitu kidogo ambacho mtu mmoja na ndoo ya udongo anakiweza. Ukichelewa, kazi ileile inakuwa ukuta. Dharura yake inatokana na tofauti ya gharama kati ya leo na baadaye, na tumaini lake limo humohumo, kwa sababu ufa bado unazibika. Hakuna nusu ya furaha na nusu ya huzuni; jambo moja linabeba vyote viwili.

Kwa hiyo swali langu kwenu halihusu maneno kwanza. Ufa wenu uko wapi? Ni kitu gani Amani ambacho bado kipo, kinapungua, na mkono wa mtu unakifikia?

Nadhani mtanijibu maji, kwa sababu mto Zigi unatoka kwenye milima hiyo ya Usambara na ndio unaoinywesha Tanga mjini. Nami ndiko nilikoanzia. Niliandika "Panda leo, tunywe kesho". Mizani minne kwa minne, inaimbika, inamgusa hata mtu wa Ngamiani, pale Tanga mjini, ambaye hajawahi kupanda mlima. Ina dosari mbili. Ya kwanza ni ya kuchekesha: mahali penye baa, "tunywe kesho" haitasomwa kama maji. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ukweli. Kupanda miti hakuongezi maji mtoni moja kwa moja. Miti michanga inayokua upesi hunywa maji mengi, na mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi inaweza kuipunguza. Msitu wa zamani unachofanya vizuri ni kushika udongo, kunasa ukungu na kuachia maji polepole wakati wa kiangazi. Hiyo ni huduma ya msitu uliosimama, na miche ya miaka mitatu bado haijafika huko. Kaulimbiu inayoahidi maji ya kesho kwa mche wa leo itawarudia siku mto utakapopungua, na mtu wa kwanza kuwakumbusha atakuwa yule aliyechimba mashimo nanyi.

Ukweli huo ndio uliobadilisha mawazo yangu. Kama huduma inatolewa na msitu uliosimama, basi kazi yenu ni mbili, si moja: kuulinda uliobaki na kuurudisha pale ulipoondoka. Na hizo ndizo dharura na tumaini mnazozitafuta. Dharura iko kwenye kilichosalia, kwa sababu ukisema kimesalia umekwisha kusema kwamba kingine kimekwenda, bila kupiga kelele. Tumaini liko kwenye kupanda. Nikaandika hivi:

Tunza uliosalia, panda uliopotea.

Hesabu kwa vidole: tu-nza-u-li-o-sa-li-a, nane. Pa-nda-u-li-o-po-te-a, nane. Huo ni mshororo kamili wa shairi, vipande viwili vya mizani nane, vina vikikutana kwenye "a". Mtu aliyekulia kwenye mashairi ya redioni ataukamata bila kujua kwa nini. Msitu haukutajwa kabisa, na hilo ni kwa makusudi, maana jina la kikundi litakuwa juu yake na "msitu" imo. Kaulimbiu ikisimama bila jina inaweza kumkumbusha mtu ujana wake uliopotea. Kwa hiyo msiichapishe peke yake popote, hata kwenye kofia.

Mtaona nimeandika "uliopotea" badala ya "uliokatwa". Tulishavutana juu ya hili na mwenzangu mmoja wa kazi, yeye akisema nawaficha wakataji. Ana hoja, na kwa kikundi kinachopigania sheria mijini ningemfuata. Ninyi mnaongea na jirani aliyechoma mkaa mwaka jana, na mwingine ambaye baba yake alifyeka chini ya miti ili apande iliki. Mkimwambia "uliokatwa" anasikia jina lake, na mtu anayejitetea hashiki jembe. "Uliopotea" inamwachia mlango. Kumkamata mkataji ni kazi ya hifadhi na serikali ya kijiji, nao wana maneno yao.

Lakini jihadharini, maneno haya yanawafunga. Ukisema "panda uliopotea" umeahidi kupanda kile kilichokuwepo: mvule, mkangazi, msambu, mnyasa. Si chochote kilicho kijani. Amani wanaijua vizuri hadithi ya msizi. Uliletwa na kupandwa kwa nia njema kwa sababu unakua haraka, ndege aina ya hondohondo wakala matunda yake na kusambaza mbegu, na leo umeota ndani ya msitu wa asili ambako haukualikwa. Aliyeupanda naye alikuwa amepanda mti. Basi kila mara mfadhili atakapowaletea miche ya bure ya mikaratusi, someni kaulimbiu yenu kwanza. Sisemi mkatae miti ya kuni. Watu wanahitaji kuni na nguzo, na shamba la kuni karibu na nyumba linaupumzisha msitu. Ila hiyo ni kazi inayoingia kwenye "tunza", ipandwe shambani kwa mtu, na isihesabiwe kwenye "panda".

Utaniuliza, mbona hakuna "sasa" wala "leo"? Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibikiwa. Neno la haraka lina maisha mafupi. Ukuta uliopakwa "Okoa Misitu Sasa" na kukaa miaka sita unasema kwamba sasa ilipita na hakuna kilichotokea. Kaulimbiu ya kudumu haitakiwi kubeba saa. Saa ibebwe na mstari wa pili, wa msimu, unaobadilishwa kila mwaka na unaotaja tarehe ambayo kweli ipo. Na ninyi mnayo tarehe ya kweli kuliko mtu yeyote mjini: masika. Mche wa asili uliopandwa mwanzoni mwa mvua za Machi na Aprili una miezi ya unyevu ya kushika mizizi. Uleule ukipandwa mwishoni mwa Mei unakutana na ukavu ukiwa bado mchanga. Huo muda unaokwisha uliouandika wewe una wiki chache tu ndani yake, na mtu yeyote wa Muheza anauelewa bila mhadhara. Kwa hiyo Februari, mashimo yanapochimbwa, bandikeni chini ya kaulimbiu:

Miche iko tayari, masika hayangoji.

Saba kwa saba. Nusu ya kwanza inasema kuna kitu kimeshafanyika, hamuanzii sifuri. Nusu ya pili inasema kwa nini uje Jumamosi hii badala ya mwezi ujao. Mvua zikiisha, bango hilo literemsheni siku hiyohiyo. Wakati wa kiangazi wekeni mstari wa kumwagilia na kupalilia, maana mche mwingi haufi kwa kukosa mpandaji, unakufa kwa kukosa mpaliliaji. Mwaka 1977 Wangari Maathai alipoanza kazi yake Kenya, jina la kwanza la harakati yake liliunganisha wito wa kuokoa ardhi na neno "harambee". Hatari upande mmoja, na upande wa pili neno ambalo kila Mkenya wa siku zile alijua linamtaka atoe mkono. Ninyi mnafanya hivyohivyo, ila hatari mnaikabidhi msimu.

Msiniamini bado. Kaulimbiu inapimwa sokoni, haipimwi kwenye kamati, kwa sababu kamati inasoma kwenye karatasi na inajua tayari mnachokusudia. Nenda Muheza mjini siku ya soko. Chagua watu kumi ambao hawawajui: muuza machungwa, dereva, mama anayesubiri basi, mwanafunzi. Mwambie kila mmoja jina la kikundi na kaulimbiu mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kisha nenda zako. Baada ya nusu saa rudi kwa yuleyule umuulize: nilisemaje? wale watu wanataka ufanye nini? Andika anachosema neno kwa neno, usimsahihishe.

Majibu yatakueleza kasoro iko wapi. Akikumbuka maneno na asijue anatakiwa afanye nini, kitenzi hakijasikika. Akijua la kufanya na akasahau maneno, mwendo ni mbovu. Akisema "ni watu wa kupanda miti" basi, nusu ya kwanza imeanguka njiani, na hilo ndilo ninaloliogopea zaidi kwenye hii yangu, kwa sababu watu wamezoea kusikia upandaji tu. Ikitokea kwa wengi, geuza vipande, "tunza" iwe mwishoni, maana kinachosikika mwisho ndicho kinachobaki. Na sikiliza kwa makini wanavyoibadilisha. Nina wasiwasi wengi watasema "uliobaki" badala ya "uliosalia", kwa kuwa ndilo neno la mdomoni. Wakifika sita kati ya kumi, wafuate wao: "Tunza uliobaki", mizani saba, na kipande cha pili mkipunguze kulingana nacho. "Panda uliokatwa" ina saba pia, lakini hapo mtakuwa mmerudi kwenye lawama, kwa hiyo mjadili mkijua mnachochagua. Msichanganye nane na saba. Sikio litagundua hata kama jicho halikugundua.

Mkipata fedha, ichapisheni kwenye khanga kabla ya fulana. Nasema hivi kwa sababu khanga ina mahali pake pa maneno tangu zamani, chini ya picha, kwa herufi kubwa, na anayeivaa anajua anasema kitu. Fulana ya shirika huishia kuwa nguo ya kulimia. Doti ya khanga yenye jina zuri hutolewa zawadi, huendea harusini na msibani, na husomwa na watu ambao hamtawafikia kamwe.

Kuhusu wafadhili wa nje: msitafsiri. Ule mdundo wa nane kwa nane hautavuka, na kilichobaki kitakuwa sentensi baridi. Mpeni mtu anayeandika lugha yao vizuri maelezo ya kazi zenu mbili, kulinda na kurudisha, aandike yake upya. Mstari wa Kiswahili muuweke juu yake kama ulivyo.

Jambo la mwisho ni la ukutani. Chini ya kaulimbiu acheni nafasi ya namba moja, ya miche iliyo hai, siyo iliyopandwa. Hesabuni kila Oktoba, kiangazi kikiwa kimeshafanya kazi yake, mkipita mstari kwa mstari na kalamu. Vikundi vingi hutangaza siku ya kupanda, wakati mgeni rasmi yupo na kila mche ni kijani. Ethiopia ilitangaza miche zaidi ya milioni 350 kwa siku moja ya Julai 2019, na dunia ikaanza palepale kubishana kama inawezekana, badala ya kuongea juu ya milima yao. Ninyi mkiandika 1,940 kwenye ukuta uliosema 3,000 mwaka jana, mwanakijiji ataelewa "tunza" inamaanisha nini, na huenda akauliza ile elfu moja na sitini ilikufaje. Muwe na jibu: mbuzi, moto, au mlichelewa masika.